Bajeti hushika pesa, kikomo hushika bei: hesabu ya mashuka ya Mowlem

Nimepotea kidogo, najua. Kazi ya kuandika programu ina tabia ya kumeza mtu wiki tatu halafu inamtema Jumamosi asubuhi akiwa hajui ni tarehe ngapi. Lakini leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni, na limetokana na jirani yangu hapa Mowlem ambaye anauza mashuka.

Mnaoijua Mowlem mnajua biashara zake. Iko pale Embakasi Magharibi, Kariobangi Kusini upande mmoja na Umoja upande mwingine, na karibu kila ploti ina mtu anayeuza kitu. Huyu mama huchukua seti za mashuka kwa jumla Eastleigh, anazipanga sebuleni kwake, anapiga picha kwa simu, na wateja wanampata kwa WhatsApp kupitia matangazo ya Facebook na Instagram. Wanaagiza, bodaboda anapeleka. Hana duka wala kodi ya duka. Kodi yake ni matangazo, kwa hiyo akikosea kwenye matangazo amekosea kila kitu.

Alinijia mwezi uliopita na malalamiko haya: "Kijana wangu, wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Nilikuwa naweka mia tano kwa siku napata faida. Nikasema niongeze, nikaweka elfu moja na mia tano. Wateja wameongezeka, lakini pesa mkononi imepungua. Nani anakula?"

Nikamwambia kwa kujiamini kabisa (fundi wa kompyuta hakosi kujiamini) kwamba dawa ni kuweka kikomo cha bei. Nikaweka. Nikakosea mara mbili mfululizo, na makosa yote mawili yalikuwa yangu mimi, si ya jukwaa. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nimeona watu wengi mtandaoni wakirudia makosa hayohayo na kuyaita ushauri.

Haya, kwanza tuelewane kuhusu mnada. Kila mara mtu wa Kayole au Komarock anapofungua Instagram na nafasi ya tangazo ikatokea, kuna mnada unaofanyika kwa sekunde isiyofika moja. Kila tangazo linaingia na dau. Dau hilo halishindani peke yake: Meta huzidisha dau lako kwa makadirio ya uwezekano kwamba mtu huyu atafanya kile unachokitaka (kwa upande wetu, kuanza mazungumzo ya WhatsApp), kisha huongeza alama ya ubora wa tangazo. Lenye jumla kubwa ndilo linaloonyeshwa. Na anayeshinda kwa kawaida halipi dau lake lote, hulipa kiasi kinachotokana na ushindani aliousukuma nje. Fikra hiyo ni ya zamani kuliko mtandao wenyewe. Mwanauchumi William Vickrey aliandika mwaka 1961 kuhusu minada ambayo mshindi hulipa dau la aliyemfuata badala ya dau lake. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa swali ni nani anaamua dau. Hapo ndipo mbinu tatu zinapotengana.

Ya kwanza ni gharama ya chini. Kwenye skrini siku hizi imeandikwa "Highest volume", lakini kwenye API jina lake la zamani bado lipo, LOWEST_COST_WITHOUT_CAP. Hapa mtambo ndio unaoamua dau, na amri uliyoupa ni moja tu: maliza bajeti hii leo, na katika kuimaliza niletee mazungumzo mengi uwezavyo. Soma tena hiyo amri. Kumaliza bajeti ni sharti, wingi ni juhudi. Bei haikutajwa popote.

Ya pili ni kikomo cha gharama, COST_CAP, ambayo kwenye skrini inaitwa "Cost per result goal". Unasema: niletee mazungumzo mengi, lakini wastani wa bei yake uwe karibu na shilingi kadhaa. Mtambo bado unachagua dau, unaweza kupanda kwenye mnada mmoja na kushuka kwenye mwingine, mradi wastani ukae. Na ni lengo, si ahadi. Meta wenyewe hawasemi kwamba haitavuka.

Ya tatu ni kikomo cha dau, LOWEST_COST_WITH_BID_CAP, "Bid cap" kwenye skrini. Hapa unakataza kupanda juu ya kiasi fulani katika mnada wowote ule. Si wastani tena, ni kila mnada mmoja mmoja.

Wenzetu wa TikTok nao wana mgawanyo unaofanana, "Maximum delivery" kwa upande wa gharama ya chini na "Cost cap" kwa upande wa kikomo, kwa hiyo mengi ya nitakayosema yanavuka hata huko.

Turudi sebuleni kwa mama wa mashuka. Nilimwomba daftari, na kwa bahati nzuri analo, tena safi kuliko hifadhidata nyingi nilizowahi kurithi kazini. Seti moja anauza shilingi 1,800. Eastleigh anainunua 1,150. Bodaboda anamlipa 150. Inabaki 500 kabla ya matangazo. Na katika kila watu sita wanaoanza mazungumzo, mmoja ananunua. (Wale watano wengine wanaandika "Bei?" halafu wanatoweka. Kila muuzaji wa Nairobi anawajua.) Kwa hiyo mazungumzo sita yanaleta shilingi 500, yaani mazungumzo moja yana thamani ya shilingi 83 na senti. Akilipa zaidi ya 83 kwa mazungumzo, anauza mashuka kwa hasara.

Sasa tazameni kilichotokea alipoongeza bajeti akiwa kwenye gharama ya chini. Alipoweka 500 kwa siku alikuwa anapata mazungumzo kama 14. Alipojaribu 1,000 kwa siku chache alipata kama 20. Alipofika 1,500 alipata kama 24.

Fundi wa kawaida anagawanya na kuripoti wastani: 500 kwa 14 ni shilingi 36, 1,000 kwa 20 ni shilingi 50, na 1,500 kwa 24 ni shilingi 62 na nusu. Zote ziko chini ya 83, kwa hiyo zote zina faida, na bajeti iongezwe tena! Hivi ndivyo alivyoshauriwa na kijana mmoja wa matangazo kabla hajaja kwangu, na nakiri hata mimi ningesema hivyohivyo kama ningesoma ripoti bila kusoma daftari.

Lakini angalia mazungumzo ya nyongeza peke yake. Kutoka 500 hadi 1,000 amelipa shilingi 500 zaidi na kupata mazungumzo 6 zaidi. Hayo sita kila moja limegharimu shilingi 83. Mazungumzo sita ni mauzo mamoja, na mauzo mamoja ni shilingi 500, ambazo ndizo alizolipa. Amefunga mzigo mwingine, amemwita bodaboda mara nyingine, amejibu "Bei?" mara tano zaidi, na hakubaki na hata shilingi. Kisha kutoka 1,000 hadi 1,500 ameongeza shilingi 500 nyingine na kupata mazungumzo 4 tu. Kila moja shilingi 125. Mazungumzo manne hayafiki hata mauzo mamoja, yanaleta kama shilingi 333 kwa wastani. Hapo kila siku anamwaga shilingi 167 chini huku ripoti ikiendelea kumwonyesha wastani mzuri wa 62 na nusu.

Ukitaka kuona kwa faida ya siku nzima: kwenye bajeti ya 500 anabaki na kama 667. Kwenye 1,000 anabaki na 667 ileile. Kwenye 1,500 anabaki na 500. Basi hiyo ndiyo "nani anakula". Hakuna mwizi. Mtambo ulitii amri ya kumaliza bajeti, na watu wa bei nafuu walipokwisha siku hiyo ukapanda kwenye minada ya bei ghali kuwatafuta wengine. Mowlem na majirani zake si bahari. Tulikuwa tumepiga pini hapa na umbali wa kilomita chache tu, na ndani ya duara hilo watu wanaotaka mashuka leo, ambao hakuna mtangazaji mwingine anayewapigania, ni wachache.

Ndipo nikaingia mimi na dawa yangu.

Kosa la kwanza. Nikafikiri: mazungumzo yana thamani ya 83, basi niweke kikomo cha gharama cha 83, niache bajeti ya 1,500. Nikaandika kwa mkono wangu nikiwa na furaha, halafu kesho yake nikaangalia. Imetumia 1,500 yote. Kesho kutwa, 1,500 yote. Nikakasirika kana kwamba mtambo umenipuuza. Haukunipuuza! Niliuambia wastani usizidi 83, na wastani ulikuwa kama 62. Kikomo hakikuwa kimeguswa hata kidogo. Nilikuwa nimejenga ukuta wa mita tatu mahali ambapo mbuzi wanapita kwenye mlango ulio wazi.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa watu walishike kuhusu kikomo cha gharama. Ukikiweka kwenye bei ambayo hupati faida wala hasara, umeruhusu mazungumzo ya mwisho yaende mpaka kwenye hasara, kwa sababu yale ya mwanzo ya bei nafuu yanayafunika kwenye wastani. Kikomo cha gharama lazima kiwe chini sana ya thamani ya kitu, na kiasi gani chini utakijua tu kwa kujaribu bajeti mbili au tatu kama alivyofanya mama bila kukusudia. Kwake yeye, wastani wa 50 ndio ulioendana na mahali ambapo mazungumzo ya mwisho yanafika 83. Kwa hiyo kikomo cha gharama cha maana hapa si 83, hata 50 ni mpaka wa mwisho kabisa.

Kosa la pili. Nikasema haya, basi twende kwenye kikomo cha dau, kwa sababu hicho kinashika kila mnada. Nikatazama ripoti ya zamani, nikaona alipokuwa na faida nzuri alikuwa analipa 36. Nikaweka kikomo cha dau 36. Siku mbili nzima tangazo lilitumia shilingi 41 jumla. Mazungumzo moja. Mama akanipigia: "Kijana, umezima?"

Sikuwa nimezima, lakini ilikuwa sawa na kuzima. Mnakumbuka habari ya Vickrey? Anayeshinda halipi dau lake, hulipa chini yake. Zile 36 zilikuwa bei iliyolipwa, na tena ni wastani wa bei zilizolipwa. Dau lililozizaa lilikuwa juu zaidi. Nilipogeuza bei niliyozoea kulipa kuwa dau la juu kabisa, nilijiondoa kwenye minada mingi ambayo hapo awali nilikuwa nashinda. Dau na bei ni vitu viwili. Kwenye kikomo cha dau unaandika thamani ya mwisho ya kitu kwako, ile 83, au 75 ukitaka ubaki na kitu, kisha unaacha mnada ukupe bei iliyo chini yake. Yaani namba niliyoiweka kwenye kikomo cha gharama ilistahili kukaa kwenye kikomo cha dau, na ile niliyoiweka kwenye kikomo cha dau ilikuwa karibu na ile inayostahili kukaa kwenye kikomo cha gharama. Nilizibadilisha kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Kwa wale wenzangu wa kuandika msimbo, kuna mtego wa tatu ambao niliuona kabla haujaniuma, kidogo tu. Kwenye API namba hizi huandikwa kwa senti, si kwa shilingi. Kikomo cha gharama cha shilingi 50 ni hivi:

```
curl -X POST \
  -F "bid_strategy=COST_CAP" \
  -F "bid_amount=5000" \
  -F "access_token=$TOKEN" \
  "https://graph.facebook.com/$VERSION/$ADSET_ID"
```

Ukiandika `bid_amount=50` umesema nusu shilingi, na tangazo litalala fofofo bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Pia kama bajeti yako imewekwa kwenye kampeni nzima badala ya seti moja ya matangazo, `bid_strategy` huwekwa huko juu kwenye kampeni, na `bid_amount` ndiyo inabaki kwenye seti.

Tuendelee. Hata ukiweka kikomo cha dau sawasawa, kuna jambo ambalo linashangaza wengi: ripoti inaweza kuonyesha bei iliyozidi kikomo. Mtu anaweka 83 halafu analipa 110 kwa mazungumzo, anapiga kelele ameibiwa. Kumbe dau lako la mazungumzo linageuzwa kuwa dau la kuonyesha tangazo kwa kutumia makadirio. Tuseme mtambo unakadiria kwamba katika watu elfu moja wanaoliona, wawili wataanza mazungumzo. Dau la 83 mara wawili ni shilingi 166 kwa kila maonyesho elfu moja, na hapo ndipo inapopigana. Wewe unalipia maonyesho. Kama ukweli ni kwamba anaanza mmoja tu kwa elfu, basi mazungumzo yako moja yanaweza kufika mpaka shilingi 166 ilhali kikomo hakikuvunjwa hata mara moja. Kikomo kilishika dau, makadirio ndiyo yaliyokosea.

Makadirio hukosea zaidi pale mtambo unapokuwa na matokeo machache ya kujifunzia. Meta hutaja matokeo kama 50 ndani ya wiki moja kwa seti moja ya matangazo ili ule muda wa kujifunza uishe, na mabadiliko makubwa (kubadilisha mbinu ya dau ni mojawapo) yanaweza kuuanzisha upya. Mama akiwa na mazungumzo 14 kwa siku anafika 50 kwa siku nne. Mtu anayeuza kitu cha bei ghali, sofa tuseme, na anapata mazungumzo matatu kwa siku, anafika 21 tu kwa wiki. Huyo akijibana na kikomo tena atapungukiwa zaidi, na kila akibadilisha namba kila asubuhi kwa wasiwasi anarudisha darasa mwanzo. Nami nilifanya hivyo, nilibadilisha mara nne kwa siku sita. Msinicheke.

Sasa niseme maoni yangu waziwazi, maana hii ni blogu yangu.

Kwa mfanyabiashara wa kiasi cha mama wa mashuka, nadhani gharama ya chini na bajeti ndogo ndiyo inayoshika pesa vizuri kuliko vikomo vyote viwili. Watu huona neno kikomo wakafikiri ni kikomo cha matumizi. Sivyo. Kitu kinachoamua shilingi ngapi zitatoka mfukoni ni bajeti. Bajeti ya siku inaweza kuvukwa siku moja moja, lakini ndani ya wiki haizidi mara saba ya bajeti hiyo, na juu yake unaweza kuweka kikomo cha matumizi cha akaunti nzima. Ukijua kwamba baada ya shilingi 500 au 700 kwa siku watu wa bei nafuu wa mtaa wako wamekwisha, basi weka 500 au 700 na uende kulala. Hakuna haja ya kikomo cha bei kwenye bajeti ambayo haiwezi kufika kwenye bei mbaya.

Ila "uende kulala" hiyo ina sharti lake. Inafanya kazi mradi bei ya mnada ibaki ilivyokuwa. Bajeti haijui bei. Ikifika mwisho wa Novemba, maduka makubwa ya mtandaoni yanamwaga pesa za ofa, nao wanawania macho yaleyale ya Kayole na Umoja. Ukiwa kwenye gharama ya chini na 700 kwa siku, mtambo utaimaliza 700 kama kawaida, isipokuwa badala ya mazungumzo 17 unaweza kuamka na 8. Pesa iliyotoka ni ileile, hutaona kitu chochote cha ajabu kwenye simu inapokatwa. Dalili pekee iko kwenye safu ya gharama kwa tokeo, na mama wa mashuka haifungui kila siku, ana kazi. (Subirini pia mwaka 2027, wagombea wa kila kiti watakapoanza kununua matangazo hapa Eastlands. Mashuka yatapigana na manifesto.)

Hapo ndipo kikomo cha gharama kinapostahili mshahara wake. Bei ikipanda, tangazo lenye kikomo cha 45 linapunguza matumizi lenyewe. Badala ya 700 linatumia 200, au 90. Siku hiyo unauza kidogo lakini hujauza kwa hasara, na pesa iliyobaki ipo. Mwenye mkopo wa mzigo uliolala sebuleni anaweza kupendelea kuuza hata kwa faida ndogo kuliko kukaa, na huyo abaki kwenye gharama ya chini. Mama hana mkopo, mashuka hayaozi, kwa hiyo anaweza kusubiri. Kama angeuza keki, ushauri wangu ungekuwa tofauti.

Na kikomo cha dau? Kwa maoni yangu ni cha mtu mwenye bajeti kubwa kuliko soko lake, anayejua thamani ya tokeo lake kwa shilingi, na anayeangalia namba kila siku. Ndicho pekee kinachouliza swali sahihi, yaani je, hili la mwisho linalipa? Lakini kinauliza swali hilo kwa ukali, na ukikosea kidogo kinanyamaza kabisa. Sikipendekezi kwa mtu anayetangaza kwa mia tano.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kikomo chako kinafanya kazi, wala haihitaji fundi. Linganisha pesa iliyotumika na bajeti. Kama kila siku inatumika yote, kikomo hakishiki kitu, uko kwenye gharama ya chini bila kujua, kama nilivyokuwa mimi na ile 83 yangu. Kama inatumika pungufu, kikomo kinashika, na hapo ndipo uamue kama unapenda mahali kinaposhika. Ipe siku kadhaa kabla ya kuamua, siku moja haisemi kitu.

Jambo moja linanisumbua bado. Hesabu yote hii imesimama juu ya ile moja kwa sita. Mtambo unahesabu mazungumzo, hauoni mauzo, kwa sababu mauzo yanaishia M-Pesa na daftarini. Tukiubana utafute mazungumzo ya bei nafuu, unaweza kutuletea wale wa "Bei?" zaidi, na moja kwa sita ikawa moja kwa kumi. Hapo thamani ya mazungumzo inashuka kutoka 83 hadi 50, na kikomo kilichokuwa na faida jana kinakuwa cha hasara leo bila namba yoyote kubadilika kwenye skrini. Kwa hiyo mama sasa anapiga mistari miwili daftarini kila jioni, mmoja wa walioandika na mwingine wa walionunua, na Jumapili tunagawanya.

Kwa sasa tumeweka bajeti 700, kikomo cha gharama 45. Wiki ya kwanza imetumia karibu yote siku tano, na siku mbili ikabaki kwenye mia nne na kitu. Siku hizo mbili zilikuwa Jumapili na Jumatatu. Mama anasema ni kwa sababu Jumapili watu wako kanisani na Jumatatu hawana pesa. Mimi nadhani ni kitu kingine kwenye mnada, lakini tumebishana mara mbili na mara zote mbili daftari lake ndilo lililoshinda.